UZI: Maneno ya kuchonga mgongoni mwa saa ya kumuaga mwalimu mkuu. Tunaandika nini kisisomeke kama kaburi?

#1 Mchumbageni
Wadau habari za jioni. Mwalimu mkuu wetu hapa Tanga mjini anatimiza miaka 60, anastaafu. Ameanza kufundisha 1989, leo ni 2024, yote hiyo katika shule hii hii moja. Tumechanga tukamnunulia saa ya mkono, na kamati ikanipa mimi kazi ya kupeleka maneno kwa fundi. Maneno yaliyopitishwa kikaoni ni haya:

KWA KUMBUKUMBU YA UTUMISHI WAKO ULIOTUKUKA
1989–2024
DAIMA TUTAKUKUMBUKA
WALIMU, WAFANYAKAZI NA WANAFUNZI WOTE

Nilipomsomea mke wangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani amefariki lini?" Tangu hapo sina raha. Mnaonaje, ni yeye tu au kweli kuna kasoro? Sherehe ni Ijumaa ya wiki ijayo.

#2 Kijana wa Makorora
Mke wako yuko sahihi kabisa hahaha. Mie nimesoma mstari wa pili nikatafuta picha ya marehemu.

#3 Mtoto wa Ngamiani
Ni miaka ile miwili. Mwaka, kistari, mwaka. Kila anayekwenda makaburini anaijua hiyo: jina juu, chini yake alizaliwa lini akafa lini. Ukiona miaka miwili imeshikana kwa kistari huhitaji hata kusoma maneno, macho yameshamaliza. Andika "miaka 35" kwa tarakimu, yatosha.

#4 Bibi Mkwajuni
Si miaka peke yake, mwanangu. "Kwa kumbukumbu ya" ndiyo tunayosema tunapomsomea hitima mtu. "Daima tutakukumbuka" nayo imo kwenye kila tangazo la msiba. Mtu mzima anayekwenda kupumzika nyumbani kwake na wajukuu, weye wamvisha mkononi tangazo la msiba wake. Kama mwataka neno la kitu cha kukumbukia, semeni "ukumbusho". Ukumbusho ni zawadi.

#5 Mchumbageni
Shikamoo Bibi. Hapo kwa "ukumbusho" nimekuelewa. Lakini kamati itaniuliza tofauti iko wapi, maana kumbukumbu na ukumbusho vimetoka kwenye "kumbuka" ile ile.

#6 Bibi Mkwajuni
Marahaba. Waambie hivi: ukumbusho ni kitu ninachokupa ili weye unikumbuke mie. Kumbukumbu ni sie tuliobaki tunamkumbuka aliyeondoka. Anayekumbuka ndiye hai. Basi katika saa hiyo anayekumbuka awe nani?

#7 Mwana Pangani
Kwa nini msitumie BURIANI? Neno moja, la kwetu pwani, herufi 7. "BURIANI MWALIMU". Limekwisha.

#8 Mtoto wa Ngamiani
Mwana Pangani umetuua sasa. Tumetoka kaburini umeturudisha.

#9 Kijana wa Makorora
Buriani si ndiyo wanayoandika magazetini mtu maarufu akifa?

#10 Mzee Raskazone
Nyie vijana mnalionea hilo neno. Buriani asili yake ni kuagana na kutakana radhi. Mtu aliyekuwa akisafiri safari ndefu alipita kwa majirani na jamaa kuomba buriani, yaani kama kuna nililokukosea unisamehe, sijui kama tutaonana. Aliyekwenda kuhiji alifanya hivyo na wengine wanafanya mpaka leo. Halikuwa neno la maiti, maiti hawezi kuomba radhi. Lilichukuliwa na watu wa magazeti wakaliweka juu ya picha za waliokufa, ndipo nyinyi mkalijulia huko.

#11 Mwana Pangani
Ahsante mzee. Ndilo nililokusudia.

#12 Bibi Mkwajuni
Kaka yangu wa Raskazone, asili yake ni hiyo, sikupingi. Lakini si magazeti yaliyolipeleka msibani. Mgonjwa aliyezidiwa ndiye anayeita watoto wake wampe buriani. Mie nimeliona hilo ukumbini kwetu kabla sijajua kusoma gazeti. Basi safari ndefu na kufa zimekuwa na neno moja tangu zamani, na katika hizo mbili watu hukumbuka ile iliyowaliza.

#13 Sahani ya Mkonge
Naongeza dhana ya tatu. Nadhani ni kwa sababu safari zimekuwa fupi. Zamani mtu akiondoka kwa chombo hujui atarudi lini. Siku hizi mtu anakwenda Jidda asubuhi na jioni anapiga simu yenye picha. Neno la safari ya kutorudi halikubakiwa na kazi ila msibani. Ni mawazo yangu tu.

#14 Mzee Raskazone
Yawezekana. Lakini bado nasema mwalimu wa miaka 60 akiona BURIANI ataelewa, si mtoto.

#15 Mtoto wa Ngamiani
Ataelewa yeye. Je, mkewe? Saa ni ya kuvuliwa usiku na kuwekwa juu ya meza, kila mtu wa nyumbani ataigeuza.

#16 Kalamu ya Chuma
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kuchonga maandishi kwenye pete, vikombe na saa, mwaka wa 19 sasa. Mnabishana maneno wakati hamjapima mahali pa kuyaweka. Mchumbageni, chukua rula. Nataka vipimo vitatu: upana wa mgongo wa saa wote, upana wa ile sehemu ya katikati iliyo laini isiyo na maandishi ya kiwandani, na uniambie mgongo wenyewe unafunguliwa kwa kubandua au kwa kuzungusha.

#17 Mchumbageni
Mkuu shukrani. Upana wote milimita 34. Katikati palipo wazi milimita 24, kwa sababu pembeni pamezungukwa na maandishi ya Kiingereza, kuna na namba. Kufungua sijui. Naona pembeni kuna vijino sita vimechongwa kuzunguka.

#18 Kalamu ya Chuma
Vijino sita ni wa kuzungusha. Nitalirudia hilo, lina balaa lake.

Kwanza nafasi. Kwa mtu wa miaka 60 usichonge herufi fupi kuliko milimita 2, tena herufi kubwa tupu. Herufi ya kimo hicho pamoja na nafasi ya pembeni yake inakula milimita 1.6 hivi. Sasa duara si karatasi. Mstari wa katikati ndio mrefu, wa juu na wa chini inabanwa na ukingo. Katika duara lako la milimita 24, ukiacha milimita 1 kila upande ili herufi zisiguse ukingo, mistari minne inakaa vizuri. Wa kwanza herufi 11, wa pili 13, wa tatu 13, wa nne 11, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ukilazimisha mstari wa tano, wa juu na wa chini inabaki na herufi 9 tu.

Jumla ni 48. Maneno ya kamati yenu nimeyahesabu: 95 bila hata kuhesabu nafasi. Hayo ni ya sahani ya ukutani.

#19 Mchumbageni
Duh. Kumbe tulikuwa tunapitisha muhtasari wa kikao.

#20 Kijana wa Makorora
Mkuu Kalamu ya Chuma hiyo ni kwa kuchonga kwa mkono. Siku hizi kuna leza. Binamu yangu alichongewa aya nzima nyuma ya saa Dar, herufi ndogo kabisa na zinasomeka. Leza haina kikomo, mpe herufi zote 95.

#21 Kalamu ya Chuma
Leza ninayo, na mkono ninao. Ni kweli inachora herufi ya milimita 1 na chini ya hapo, safi kabisa. Lakini mwulize binamu yako mara ya mwisho aliisoma lini bila kuipiga picha kwa simu aikuze. Kikomo ni jicho la mwenye saa, si mashine.

Halafu leza ina namna mbili. Kuna ya kubadilisha rangi ya chuma tu, herufi zinatoka nyeusi lakini ukipitisha ukucha husikii kitu. Na kuna ya kula chuma, ukipitisha ukucha unakwama. Saa inakaa kwenye ngozi yenye jasho la Tanga, inasuguana na mkono kutwa nzima. Mimi ya kukaa miaka naila chuma, na herufi ikiwa ndogo mno siwezi kuila kwa kina kwa sababu kuta za herufi zinaungana, tundu la A na la R linaziba. Kwa hiyo hata kwa leza unarudi kwenye milimita 2, ukibana sana moja na nusu.

#22 Kijana wa Makorora
Sawa, hapo kwenye ukucha nimejifunza. Ila aya yake ipo na inasomeka, sitarudi nyuma.

#23 Kasha la Mvule
Samahani kuingilia. Sisi ofisini tulimpa bosi wetu ngao ya kioo yenye kisimamo cha mbao, tukaandika maneno mengi tu na yote yaliingia. Tatizo letu lilikuwa jina. Lina NG' na fundi akaacha kile kialama, ikawa jina la mtu mwingine kabisa. Tuligundua ukumbini kitambaa kilipofunuliwa. Je, saa inaweza kufutwa na kuandikwa upya? Maana kioo tuliambiwa hakifutiki.

#24 Mtoto wa Ngamiani
Kasha, hapa ni saa, si ngao.

#25 Kalamu ya Chuma
Lakini swali lake ni zuri. Mgongo wa chuma cha pua unaweza kusuguliwa ukapoteza maandishi mepesi. Ya kina hapana, utasugua mpaka mgongo uwe mwembamba, au ubaki na bonde. Saa ya bei ya chini mara nyingi kasha lake ni shaba au madini laini yaliyopakwa rangi, na mgongo ndio peke yake wa chuma cha pua. Maandishi ya kiwandani nyuma husema hivyo. Kwa hiyo mgongo chonga bila hofu, ubavuni usiguse: ukitoboa ile rangi unakuta shaba na jasho litaanza kuila kutokea hapo.

Jina lenye NG' mimi namtaka mwenye zawadi aliandike kwa mkono wake kwenye karatasi, atie sahihi. Siandiki jina nililoambiwa kwa simu.

#26 Sahani ya Mkonge
Mchumbageni, jina la mwalimu lina herufi ngapi?

#27 Mchumbageni
Sitalitaja hapa. Moja lina 8, la pili 9. Kwa hesabu ya mkuu yote mawili pamoja hayaingii mstari mmoja.

#28 Sahani ya Mkonge
Basi acha jina. Aliyevaa saa anajijua. Andika MWALIMU. Mtaani kwenu akisemwa "Mwalimu" watu wanamwelewa nani?

#29 Mchumbageni
Yeye. Hata baba yangu alikuwa anamwita hivyo.

#30 Mtoto wa Ngamiani
Kiswahili ndipo kinapotubana. Neno moja ni sentensi nzima lakini linakula mstari mzima. Hesabuni TUNAKUSHUKURU: 13. ALIYETUFUNDISHA: 15, haliingii popote, na ukilikata katikati ukaweka kistari linaonekana la gazeti. Wazungu wana maneno mafupi ya kujaza duara. Sisi dawa yetu ni methali na maneno ya kanga. Kanga ina mstari mmoja chini, na watu wamejifunza kusema fumbo zima humo. Mimi napiga kura WEMA HAUOZI. Herufi 11 na nafasi yake.

#31 Mwana Pangani
WEMA HAUOZI naiunga mkono. Fupi na ina uzito.

#32 Bibi Mkwajuni
Ni neno zuri, mama yangu alilipenda. Lakini huyo mtu kesho anatoka kazini, mwili umeanza kumwuma, weye wamchongea "kuoza" mgongoni mwa saa. Hata kama umesema hauozi. Sikio linashika neno, halishiki kikanushi.

#33 Mtoto wa Ngamiani
Bibi, kwa hesabu hiyo hatutabakiwa na neno hata moja.

#34 Mwana Pangani
KUAGANA SI KUFA? Nimeitunga sasa hivi.

#35 Mtoto wa Ngamiani
Mwana Pangani, naomba upumzike.

#36 Kijana wa Makorora
Hata "pumzika" msiandike. Kuna mtu kazini kwetu aliandikiwa kwenye keki SASA PUMZIKA. Keki ililiwa kwa ukimya.

#37 Mzee Raskazone
Nina swali la msingi ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwalimu ni Mwislamu? Na saa ni ya rangi gani?

#38 Mchumbageni
Ni Mwislamu, shikamoo mzee. Saa ni ya chuma, rangi ya fedha. Kulikuwa na ya njano, mhazini akaikataa.

#39 Mzee Raskazone
Marahaba. Mhazini amefanya vyema. Dhahabu kwa mwanamume katika dini yetu ni haramu, na hata ile iliyopakwa tu watu wanabishana, kwa nini umtie mzee wa watu kwenye mabishano. La pili: msiandike jina la Mwenyezi Mungu humo. Najua mtashawishika kuandika dua. Saa inaingia chooni kila siku, na kuingia na jina hilo mahali pale kunachukiza. Atalazimika kuivua kila mara, mwisho ataiacha kabatini.

#40 Sahani ya Mkonge
Lakini mzee, pete ya Mtume ﷺ si ilikuwa na maandishi yenye jina hilo?

#41 Mzee Raskazone
Ilikuwa nayo, na ilikuwa muhuri wa barua. Imepokewa kwa Anas kwamba ilikuwa mistari mitatu: Muhammad mstari mmoja, Rasul mstari mmoja, Allah mstari mmoja. Kuhusu kuivua alipoingia chooni imo riwaya, na wapo wanaoidhoofisha. Sitaki kufungua mjadala huo hapa. Nasema tu: mwepusheni.

#42 Kalamu ya Chuma
Hiyo pete ndiyo ninayowapigia mfano wateja. Mistari mitatu, kila mstari neno moja. Kwa mtu wa kazi yangu hakuna mpangilio bora kuliko huo, kwa sababu kila neno linapata hewa pembeni yake. Mkishindwa kukubaliana, punguzeni mpaka kila mstari uwe na neno moja, na muone kama lililobaki bado linasema.

#43 Kasha la Mvule
"Kwaheri" ni neno moja au mawili? Nauliza kwa sababu kwenye ngao yetu tuliandika mawili, mtu akatucheka.

#44 Sahani ya Mkonge
Kamusi inaliandika moja, kwaheri. Aliyewacheka hakuwa na la kufanya.

#45 Mwana Pangani
Ni "kwa heri", yaani kwa wema. Maneno mawili kabisa, na wengine huandika "kheri". Ukiliunganisha umelipoteza maana yake.

#46 Sahani ya Mkonge
Ukiwa unaaga ni moja. Ukisema "kwa heri na shari" ni mawili. Ndivyo ninavyojua.

#47 Mchumbageni
Naomba tusiende huko, sina hata mpango wa kuliandika 🙏 Mkuu Kalamu ya Chuma ulisema mgongo wa kuzungusha una balaa.

#48 Kalamu ya Chuma
Balaa mbili.

Ya kwanza: mgongo wa kubandua una kipengele kidogo ukingoni, unaurudisha palepale kila mara. Wa kuzungusha unakaza mpaka usimame, na unaposimama ndipo unaposimama. Fundi asiyejua anaufungua, anauchonga mezani herufi zikiwa zimenyooka kwa macho yake, akiurudisha maandishi yote yamelala upande, MWALIMU anapanda kilima kuelekea kwenye mkanda. Kabla ya kuufungua, nabandika utepe wa karatasi juu ya mgongo, napiga mstari wa penseli kutoka mkanda wa juu hadi wa chini, nao unavuka mgongo mzima. Hiyo ndiyo wima yangu. Nikishauchonga naurudisha mpaka mistari ikutane. Na mtu akija kubadilisha betri mwakani asikaze zaidi au pungufu, maandishi yatahama kidogo. Hilo sina dawa nalo.

Ya pili: kuna ringi nyembamba ya mpira chini ya mgongo, ndiyo inayozuia maji. Ikipindwa au kuingia uchafu wa kuchonga, saa haitakuambia siku hiyo.

#49 Mtoto wa Ngamiani
Hilo la mpira limenikuta. Saa ya marehemu baba, aliyopewa kazini alipohama. Walichonga wakaifunga vibaya. Wiki moja tu ukungu ukatanda ndani ya kioo, kila akitawadha unaongezeka, mchana wa jua unapungua, usiku unarudi. Baba hakuwaambia waliompa. Aliivaa hivyo hivyo mpaka mishale ikashika kutu na kusimama. Ipo nyumbani. Maneno nyuma bado yanasomeka vizuri, "KWA RAFIKI", na tarehe. Hayo tu.

#50 Kalamu ya Chuma
Pole. Dawa yake ilikuwa ni kuifungua siku ile ile ukungu ulipoonekana, ikakaushwa, ikawekwa mpira mpya wenye mafuta kidogo. Mchumbageni, mpelekee fundi wako saa siku nne kabla, si asubuhi ya sherehe. Ikirudi ilaze usiku mahali pa baridi, uangalie kioo kabla haijapata joto. Ukiona mvuke ndani ya kioo, irudishe kabla haijafungwa kwenye karatasi ya zawadi.

#51 Bibi Mkwajuni
"Kwa rafiki". Baba yako alipendwa, mwanangu.

#52 Mtoto wa Ngamiani
Ahsante Bibi.

#53 Sahani ya Mkonge
Kuna jambo nalifikiria tangu juzi. Kila neno la kuaga tunalolijaribu linatupeleka makaburini, kwa sababu tunaaga. Tuache kuaga. Huyo mtu kwa miaka 35 kila asubuhi akiingia darasani amesikia maneno mawili, watoto wote wamesimama. SHIKAMOO MWALIMU. Neno la kwanza 8, la pili 7. Mistari miwili.

#54 Mwana Pangani
Hiyo ni salamu, si maagano.

#55 Sahani ya Mkonge
Naam, ni salamu.

#56 Mchumbageni
Nimeisoma mara tatu. Nasikia hadi viti vinavyosogea.

#57 Bibi Mkwajuni
Nzuri. Lakini zawadi ni ya nani kwa nani? Wanafunzi wakimwambia shikamoo ni sawa. Walimu wenzake je? Hakuna mkubwa kwake humo?

#58 Mchumbageni
Bibi umegusa penyewe. Mpishi wetu amemzidi miaka, naye amechanga. Mwalimu ndiye humwamkia yeye kila siku.

#59 Mzee Raskazone
Basi haifai. Huwezi kumfanya mtu mzima amwamkie mdogo wake, tena kwa chuma kisichofutika.

#60 Kijana wa Makorora
Mzee, atakayesoma atasikia sauti ya watoto, si ya mpishi. Hakuna jina la mpishi pale.

#61 Mzee Raskazone
Fedha yake imo.

#62 Mtoto wa Ngamiani
Andikeni WENZAKO chini kwenye toleo la WEMA HAUOZI, au wekeni la watoto. Si lazima saa ibebe majina yote, majina yaende kwenye kadi ndani ya boksi. Ila nakubali zawadi isiyosema imetoka kwa nani siku moja itakuwa saa iliyookotwa.

#63 Kalamu ya Chuma
"WALIMU WENZAKO" msijaribu, ni 14, tena ina W mbili na M moja, hizo ndizo herufi nene kuliko zote. WENZAKO peke yake inakaa.

Kata duara la karatasi la milimita 24, uandike kwa penseli mapendekezo yote mawili, uyaweke mbali kama mkono unavyokaa, umpe mtu wa miaka 60 asome bila miwani. Usimpe kijana.

#64 Mchumbageni
Wakuu narudi na mrejesho. Nilikata karatasi mbili nikampelekea mpishi mwenyewe, maana ndiye mkubwa wetu. Nikamweleza ubishi wa humu kuhusu shikamoo. Akacheka, akasema yeye humwita Mwalimu "mwanangu" na hatajali, ila akauliza mbona hamkuandika MARAHABA, kwani yeye ndiye anayeijibu kila asubuhi anapoamkiwa jikoni. Sikuwa na jibu.

WEMA HAUOZI aliisoma polepole, akasema ni nzuri, iandikwe kwenye kanga ya mke wa Mwalimu.

Kamati imekaa jana saa 10 jioni. Kura 9 kwa 6, tumepitisha hii:

SHIKAMOO
MWALIMU
MIAKA 35
TANGA 2024

Majina yote 15 yatakuwa kwenye kadi, la mpishi la kwanza. Saa iko kwa fundi tangu asubuhi, nimemsimamia akibandika utepe na kupiga mstari wa penseli kabla ya kufungua. Mpira mpya nimelipia.

#65 Mzee Raskazone
Hongereni. Sijakubali hilo la shikamoo, lakini hongereni.

#66 Mwana Pangani
Mie bado nasema buriani ni neno la heshima.

#67 Mchumbageni
Saa imerudi jioni hii. Maandishi yamenyooka na mkanda. Nimeilaza juu ya mtungi usiku, asubuhi nitaangalia kioo kabla ya kuitoa juani.

#68 Bibi Mkwajuni
Usiiache juani muda mrefu, itachubuka mkanda. Tuletee habari.